Usiihukumu Basketi kwa Gundi Yake

Biashara ya basketi kusini mwa Lubero imehamia kwenye simu. Muuzaji aliye Butembo, au mwenzake aliye Kampala, hupiga picha za mzigo na kuzituma kwa WhatsApp. Mwenye duka wa Kayna huzikuza kwa vidole viwili, huchagua, hutuma dola kwa simu, kisha husubiri. Mzigo wenyewe umetoka mbali: meli hadi Mombasa, lori hadi Kampala, mpaka wa Mpondwe na Kasindi, Beni, Butembo, halafu barabara ya taifa namba 2 kuelekea Kirumba. Tangu mwisho wa Juni 2024, M23 ilipoingia Kanyabayonga na kusonga hadi Kayna na Kirumba, kupanda gari kwenda kukagua bidhaa si jambo la kuamua asubuhi na kulitimiza jioni. Picha ikakabidhiwa kazi ambayo zamani ilifanywa na pua, kidole gumba na jicho kwa pamoja: kusema kama kiatu kimetoka kwa kampuni ambayo jina lake limeandikwa ubavuni, au kimetoka kwa waigaji.

Maoni yangu ni kwamba picha inaiweza kazi hiyo nusu tu, na hata nusu hiyo tunaianza upande usiofaa. Wanunuzi wengi huanza na gundi. Wakiona doa la manjano au utando unaong'aa pale ngozi inapokutana na soli, hutangaza kuwa kiatu ni feki; wasipoliona, hulipa. Lebo ya boksi huitupia jicho tu, na mshono wa ndani hawauombi kabisa. Ushahidi unataka mpangilio tofauti: lebo kwanza, mshono baadaye, gundi mwisho kabisa, tena kwa swali moja dogo. Na hata mpangilio huo ukifuatwa vizuri, kinachopatikana ni uwezo wa kukataa. Picha inaweza kumkamata mwongo. Kumpa mkweli cheti haiwezi.

Tuanze na hiyo gundi, maana ndiyo iliyotupotosha zaidi. Kila mtu wa Butembo anajua noti ya dola inavyokaguliwa: ikiwa na mpasuko mdogo ukingoni, inarudishwa kwa mwenyewe, ingawa Marekani noti hiyohiyo ingenunua mkate bila maneno. Mpasuko haujasema lolote kuhusu uhalali wa noti. Umesema tu kwamba imechakaa. Macho yaliyozoea kukagua pesa hivyo yamehamishia desturi ileile kwenye viatu, yakauliza kama kitu ni kisafi na kudhani yameuliza kama ni halisi.

Jinsi kiatu kinavyounganishwa ndiyo inayoeleza kwa nini swali hilo halifai. Chukua Air Force 1 ya Nike, kiatu kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1982 na ambacho rangi yake nyeupe tupu huenda ndiyo inayoigwa kuliko zote mitaani kwetu. Sehemu ya juu ya ngozi huvutwa na kukazwa juu ya kalibu yenye umbo la mguu. Mfanyakazi huchora mstari kuzunguka kiatu kuonesha ukingo wa soli utafika wapi. Chini ya mstari huo ngozi hukwaruzwa ili ishike, hupakwa dawa ya kuandaa uso, kisha gundi, kwa brashi, kwa mkono. Soli nayo hupakwa. Vipande vyote viwili hupita kwenye joto ili gundi iamke, hugandamizwa pamoja kwa mashine, hupozwa, na kalibu hutolewa. Katika kiatu hiki soli hushonwa pia ubavuni, juu ya gundi. Mkono uliopeleka brashi milimita mbili juu ya mstari huacha utando. Kuna mtu wa kuusugua mwishoni, lakini naye ana jozi nyingi za kumalizia kabla ya kengele. Karibu nusu ya viatu vya Nike hutengenezwa Vietnam, vingine Indonesia na China, katika viwanda vya wakandarasi vyenye maelfu ya wafanyakazi, na kazi ya gundi humo bado kwa kiasi kikubwa ni kazi ya vidole vya binadamu. Ndiyo maana Dunk na Jordan 1 halisi, zilizonunuliwa katika duka la kampuni yenyewe, zinajulikana duniani kote kwa madoa ya gundi. Anayezikataa kwa sababu hiyo anakataa kitu halisi.

Upande wa pili wa kosa ni mbaya zaidi, kwa sababu unagharimu pesa. Waigaji wanajua mnunuzi anatazama wapi. Kufuta gundi kwa kitambaa kabla ya kupiga picha ni kazi ya sekunde chache na haihitaji ujuzi wowote. Kwa hiyo usafi wa ukingo ndicho kitu rahisi kuliko vyote kukighushi, na ishara iliyo rahisi kuighushi haifai kuwa ya kwanza. Ongeza mambo ya picha yenyewe. Taa ya manjano ya dukani hugeuza soli nyeupe kuwa ya rangi ya siagi. Mwanga mkali wa simu huakisi kwenye ngozi yenye rangi ya kung'aa na kutengeneza kitu kinachofanana na utando. Kamera nyingi za simu hulainisha nyuso zenyewe bila kuombwa, na doa la kweli likapotea pamoja na chunusi za mpiga picha. Wapo wanaotumia ile taa ya zambarau ya wabadilisha pesa, wakisema gundi ya feki huwaka chini yake. Gundi nyingi huwaka chini yake, za pande zote mbili, na picha ya kitu kinachowaka ni ngumu kuisoma kuliko kitu chenyewe.

Kuna sababu nyingine, ya kwetu hasa. Basketi halisi zinazofika Kayna nyingi hazifiki mpya. Zinakuja ndani ya marobota ya okazi kutoka Ulaya na Amerika, zimevaliwa, hazina boksi, na zingine zimekaa ghalani kwa miaka. Povu la poliyurethani lililo ndani ya soli za aina fulani huliwa na unyevu wa hewa na kuvunjika polepole hata kiatu kisipovaliwa. Gundi ya zamani huachia. Fundi viatu wa sokoni huzikausha, huzisugua kwa msasa, huzipaka gundi ya kopo na kuzifunga kwa kamba za mpira hadi kesho yake. Matokeo ni kiatu halisi chenye mstari mnene wa gundi ya rangi ya kahawia kuzunguka soli nzima. Doa hilo ni alama ya matengenezo, na anayelisoma kama alama ya udanganyifu atapita juu ya jozi halisi ya okazi ili akanunue ya boksi iliyo safi na ya uongo.

Je, gundi haina la kusema kabisa? Inalo, dogo. Kinachofaa kutazamwa ni mpangilio wake, wingi hauna maana kubwa. Katika kiatu cha kiwandani, ziada hukaa mahali panapoeleweka: kwenye kona za kidole na kisigino, ambako brashi hugeuka, na hufuata mstari uliochorwa. Katika nakala za bei ya chini, gundi hutiririka chini juu ya soli yenyewe, mstari wa soli hupanda na kushuka, na mguu wa kushoto haufanani na wa kulia. Picha moja ya kisigino, miguu yote miwili ikiwa sambamba, kamera ikiwa kwenye usawa wa meza, inatosha kuonesha hayo. Nakala mbovu itakamatwa hapo. Lakini nakala mbovu ingekamatwa popote, na ile nzuri itapita.

Sasa lebo. Watu wakisikia lebo hukimbilia umbo la herufi, na herufi nitazifikia, lakini kwanza lebo ni maelezo, na maelezo yana tabia ambayo gundi haina: yanaweza kupingana yenyewe kwa yenyewe. Lebo ya boksi la Nike hubeba jina la modeli, namba ya modeli na rangi, saizi katika mifumo kadhaa, nchi ilikotengenezwa, na mistari ya msimbo wenye namba chini yake. Air Force 1 nyeupe ya wanaume kwa miaka mingi ilikuwa 315122-111. Baadaye ikawa CW2288-111. Sehemu ya kwanza ni modeli, tarakimu tatu za mwisho ni rangi. Anayekuuzia kiatu cheusi chenye boksi lililoandikwa 111 amekwisha kujieleza. Saizi nazo zina ngazi yake isiyobadilika: kwa wanaume, US 9 ya Nike ni UK 8, EUR 42.5, sentimita 27, US 9.5 ni UK 8.5, EUR 43, sentimita 27.5, US 10 ni UK 9, EUR 44, sentimita 28. Adidas wana ngazi yao tofauti, ambako US 9 ni UK 8.5 na saizi ya Ulaya ni 42 na theluthi mbili. Mwigaji anayetengeneza lebo za kampuni zote mbili kwenye mashine moja huzichanganya mara nyingi kuliko unavyodhani.

Tuchukue mfano na tuufuate hadi mwisho. Tuseme mwenye duka wa Kayna anapewa jozi sita za Air Force 1 nyeupe, zote mpya, zote na boksi, saizi tofauti tofauti. Picha zinavutia: soli ni safi, hakuna hata chembe ya gundi. Anaomba picha ya lebo za maboksi yote sita. Namba ya modeli, CW2288-111, ni sahihi katika zote. Lebo inayouzwa kama 43 inasomeka US 9, UK 8, EUR 43, CM 27. Namba tatu kati ya nne zinakubaliana; ya Ulaya imepanda ngazi moja, kwa sababu mwigaji hutengeneza saizi nzima tu na hana haja ya 42.5. Tayari hapo kuna kasoro isiyohitaji jicho kali wala kamera ya bei kubwa. Kisha anatazama namba zilizo chini ya mistari ya msimbo katika lebo ya 43 na ile ya 44. Ni zilezile, tarakimu kwa tarakimu. Hilo haliwezekani kwa bidhaa halisi, kwa sababu katika mfumo wa misimbo ya bidhaa kila saizi ya kila rangi huwa na namba yake. Namba hiyo ndiyo inayomwambia mwenye ghala amebakiwa na 43 ngapi na 44 ngapi. Jozi mbili za 43 zikiwa na namba moja ni sawa kabisa. 43 na 44 zikiwa na namba moja, basi mtu mmoja alipiga picha lebo moja na kuichapa mara nyingi huku akibadilisha saizi. Mzigo umekataliwa, na hakuna aliyehitaji kubishana juu ya gundi.

Ukaguzi huo unaendelea ndani ya kiatu. Kwenye ulimi kuna kitambulisho kidogo chenye saizi, namba ya modeli, nchi, tarehe za utengenezaji, na kwa kawaida ileile namba ya msimbo iliyo kwenye boksi. Boksi na kiatu vikitofautiana, huenda boksi ni la jozi nyingine, au kiatu si cha boksi lolote. Adidas huenda mbali zaidi: kitambulisho cha mguu wa kushoto hubeba namba ya mfululizo tofauti na ya mguu wa kulia. Zikifanana, mwigaji amechapa kitambulisho kimoja kwa miguu yote. Haya yote yanasomeka kwenye picha ya kawaida, mradi tarakimu zisomeke.

Na hapo ndipo herufi zinapoingia, kwa tahadhari. Lebo halisi huchapwa kwa mashine za joto ambazo huacha kingo kali: mistari ya msimbo imenyooka, herufi zina unene mmoja, nafasi kati ya tarakimu hairukiruki. Nakala iliyotokana na picha ya lebo nyingine huwa na herufi zilizovimba kidogo, pembe zilizolegea, nafasi iliyobanana upande mmoja na kupanuka upande mwingine. Kwa kukagua, weka picha ya lebo yenye shaka kando ya lebo ambayo asili yake inajulikana, zote mbili za nchi moja na za miaka inayokaribiana, halafu linganisha tarakimu moja kwa moja: tumbo la 2, mguu wa 7, urefu wa S kulinganisha na U. Sharti la nchi na miaka si la kupamba. Kampuni hubadilisha muundo wa lebo, na viwanda vya nchi mbalimbali havitumii mashine zilezile. Anayelinganisha boksi la Vietnam la mwaka huu na boksi la China la miaka kumi iliyopita ataona tofauti nyingi na hakuna hata moja itakayokuwa na maana.

Lakini picha iliyopita WhatsApp haiwezi kubeba hukumu ya umbo la herufi. Kwa mpangilio wa kawaida programu hiyo huipunguza picha hadi takribani pikseli 1600 upande mrefu, kisha huibana. Lebo ikiwa imechukua robo ya picha, tarakimu moja hubaki na pikseli chache tu za kujieleza, na kubana huko huzunguka kila herufi na ukungu wa vijisanduku. Herufi halisi hapo huvimba sawasawa na za bandia. Watu wameitwa matapeli kwa kosa la programu. Tangu Agosti 2023 kuna chaguo la HD, nalo husaidia. Bora zaidi ni kuituma picha kama faili kupitia Document, ambako haibanwi. Mpiga picha asimame ili lebo ijaze fremu, kamera iwe sambamba na lebo, mchana, kivulini, bila mwanga wa simu. Kamera ikiinama, herufi za upande mmoja hurefuka, na simu ikisogezwa karibu mno pembe hupinda. Asiyetimiza hayo anaweza bado kusoma maelezo ya lebo, jambo ambalo ndilo la thamani zaidi. Asijaribu tu kusoma maumbo.

Mshono wa ndani ndiyo ishara ninayoona inadharauliwa kupita zote, na sababu ni kwamba hauonekani mpaka mtu auombe. Ukiinua ile soli laini ya juu, yenye nembo, ambayo mguu hukanyaga, chini yake basketi nyingi za kampuni kubwa zina kitambaa kilichoshonwa na sehemu ya juu ya kiatu kuzunguka ukingo wote, kama mfuko uliofungwa chini. Mshono huo hufanywa kwa mashine maalumu kabla kiatu hakijavishwa kalibu, na ndio unaoweka umbo. Kiwandani mshonaji hufuata alama zilizokatwa kwenye kitambaa, kwa hiyo hatua za uzi huwa na umbali karibu sawa, na miguu miwili hufanana kama mapacha. Nakala za bei ya chini mara nyingi hazina mshono huo kabisa: kuna kadibodi ngumu iliyogandishwa, na ngozi imekunjwa na kubandikwa chini yake. Nakala za wastani zina mshono, ila hatua zake hurefuka kwenye mzunguko wa kidole, uzi hukatwa na kuanzwa upya, au mguu mmoja una hatua nyingi kuliko mwingine kwa urefu uleule.

Kinachoufanya mshono uwe ushahidi mzuri ni gharama. Gundi hufutwa, lebo huchapwa upya, lakini kushona vizuri kunahitaji mashine, kipimo na mtu aliyezoea, kwa kila mguu wa kila jozi. Mwigaji anapotafuta pa kubana matumizi, hubana mahali ambapo mnunuzi hatazami. Kwa hiyo mwombe muuzaji ainue soli ya ndani ya miguu yote miwili na apige picha kutoka juu, akiweka rula au hata sarafu kandoni. Hesabu hatua za uzi kwenye urefu wa rula, kushoto na kulia. Hapo unalinganisha vitu viwili vilivyo katika picha moja, chini ya mwanga mmoja na kamera moja, na kasoro za picha haziwezi kuupendelea mguu mmoja. Kuna mipaka: viatu vingine soli yake ya ndani imegandishwa kwa nguvu na kuing'oa ni kuiharibu, na si kila modeli halisi hutumia mshono huo. Lazima ujue modeli yako imejengwaje kabla ya kuilaumu.

Pingamizi la kwanza najua litatoka wapi: viwanda ni vilevile, viatu vya feki ni zamu ya usiku ya viatu halisi, basi kuna maana gani kutafuta tofauti? Hadithi hii inapendwa na wauzaji, na ina mzizi wa kweli kidogo. Mji wa Putian, mkoani Fujian nchini China, ulishona viatu kwa kampuni za kigeni kuanzia miaka ya 1980, na baadaye ukawa jina kubwa la nakala. Ujuzi ulibaki mjini. Hata hivyo watengenezaji wa nakala hununua jozi halisi, huifumua na kuinakili kipande kwa kipande. Wangekuwa na kalibu, faili za lebo na kitambaa chenyewe wasingehitaji kufanya hivyo. Nakala inayotokana na kufumua hurithi kila kitu kinachoonekana na hukisia kisichoonekana, na ndiyo sababu mshono na mpangilio wa misimbo huisaliti kuliko uso wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwenye duka wa Kayna ataniambia kwamba mteja wake anajua, naye anajua kuwa mteja anajua; basketi ya dola 15 haijawahi kumdanganya mtu. Nakubali kabisa. Kiatu cha dola 15 kinapaswa kuulizwa kama soli itashika msimu wa mvua, basi. Hoja yangu inamhusu yule anayetozwa bei ya kitu halisi, ambayo kwa Air Force 1 mpya Marekani ni zaidi ya dola 100 kabla ya meli, ushuru na faida za njiani. Mtu akikupa kiatu hicho kipya Kayna kwa dola 40 na akaapa kuwa ni halisi, hesabu imekwisha kumjibu kabla ya picha. Akikutoza 120, hapo ndipo lebo na mshono vinapoanza kazi. Na kati ya bei hizo mbili boksi jipya linalong'aa halipaswi kumpa mtu utulivu. Kwa soko letu, lisilo na duka la kampuni yenyewe na linalopokea vitu halisi zaidi kupitia okazi, boksi zuri ni sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Wengine watasema kazi hii ni ya serikali. Kongo ina sheria ya mali ya viwandani tangu Januari 1982, na ina Ofisi ya Udhibiti, OCC, inayokagua bidhaa zinazoingia. Kenya, ambako mizigo yetu hushukia, ina sheria maalumu dhidi ya bidhaa bandia tangu 2008. Sheria hizo zina kazi yake, lakini afisa wa Kasindi anayekagua lori zima hatainua soli ya kila kiatu kuhesabu nyuzi, na kwa Kayna ya leo swali la ni ofisi gani inayofika huko halina jibu rahisi. Aliyebaki na kiatu machoni ni mnunuzi.

Lakini asijidai kuona zaidi ya uwezo wake. Mwaka 2022 Nike iliiambia mahakama ya New York kwamba ilinunua kupitia StockX, soko la Marekani lililojijengea jina kwa kukagua kila jozi, viatu vinne vya bandia vilivyokuwa vimepitishwa kuwa halisi. Mwezi Machi 2025 jaji aliamua kwamba StockX inawajibika kwa jozi 37 za bandia zilizouzwa. Wakaguzi wale walikuwa na kiatu mkononi, taa, jozi za kulinganishia na mshahara wa kufanya hivyo kutwa. Kama jozi 37 ziliwapita wao, anayetazama picha kwenye kioo kilichopasuka cha simu hana haki ya kuandika neno “halisi”. Anaweza kuandika mawili tu: “imekamatwa” au “haijakamatwa bado”. Hili la pili lina thamani yake, na bei inapaswa kulifuata: kiatu ambacho hakijakamatwa kwenye picha kilipiwe sehemu, na salio litolewe kikifika Kayna na soli ya ndani ikiinuliwa mbele ya wote wawili.

Kwa hiyo, mwenye duka, kabla ya kutuma dola omba picha tatu kama faili: lebo za maboksi yote ya mzigo, vitambulisho vya ndani vya miguu yote miwili, na mshono ulio chini ya soli ya ndani na rula kandoni. Muuzaji wa kweli atatumia dakika kumi. Akikupa badala yake picha ya kumi ya ukingo safi usio na gundi, mlipe bei ya nakala au usimlipe kabisa.